Tyubu au Bila Tyubu: Rimu Ndiyo Inayoamua

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na ofisa wa ukaguzi wa magari wa kaunti mbele ya wahudumu wa bodaboda, mafundi wa pikipiki na mafundi wa pancha



Swali lililoletwa leo ni moja, na limeulizwa karibu katika kila steji. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria zina magurudumu ya spoki yenye tyubu ndani. Anayeendesha pikipiki hiyo humwona mwenzake mwenye rimu za aloi akipata pancha, akitoa msumari, akiziba tundu kwa dakika chache bila kufungua gurudumu, kisha akaendelea na kazi. Yeye akipata pancha hushusha abiria, husukuma pikipiki hadi kwa fundi, na gurudumu zima hufunguliwa. Kwa hiyo anauliza: je, gurudumu lake la tyubu linaweza kugeuzwa likafanya kazi bila tyubu, na je, abiria atakuwa salama?

Jibu fupi ni hili. Gurudumu zima linaweza kubadilishwa, na likibadilishwa vizuri ni salama. Lakini kuchukua rimu ile ile ya spoki, kuipaka gundi ndani na kuondoa tyubu, si salama kwa pikipiki ya kubeba watu. Yanayofuata yanaeleza kwa nini.

Hewa inakaa wapi

Katika gurudumu la tyubu, hewa inashikiliwa na tyubu peke yake. Tairi kazi yake ni kuilinda tyubu, kubeba mzigo na kushika barabara. Rimu yenyewe haihitaji kuziba hewa, ndiyo maana inaweza kuwa na matundu mengi. Rimu ya kawaida ya spoki ina matundu 36, moja kwa kila nati ya spoki, pamoja na tundu la valvu. Juu ya nati hizo huwekwa mkanda wa mpira ili zisiitoboe tyubu.

Katika gurudumu lisilo na tyubu, hewa inashikiliwa na tairi na rimu kwa pamoja. Ndani ya tairi kuna tabaka la mpira maalumu usiopitisha hewa kwa urahisi. Ukingo wa tairi, yaani ile sehemu ngumu yenye waya ndani, hubana rimu pande zote mbili mpaka hewa ikose njia. Valvu nayo hufungwa kwenye rimu yenyewe kwa kitako cha mpira.

Tofauti hiyo ndiyo inayoonekana siku ya msumari. Msumari ukiingia kwenye tairi la tyubu, hupenya tairi na kuitoboa tyubu. Hewa hutoka kwenye tyubu, ikajaa kati ya tyubu na tairi, kisha ikapita kwenye matundu ya spoki na tundu la valvu. Tyubu ikichanika badala ya kutobolewa tu, tairi hulala kwa muda mfupi sana. Katika tairi lisilo na tyubu, mpira hubana msumari wenyewe, na hewa hutoka polepole. Mwendeshaji huhisi pikipiki ikianza kuwa nzito, hupunguza mwendo na kusimama akiwa bado na usukani mkononi. Faida hii ni kubwa kuliko ile ya kuziba pancha haraka, kwa sababu inamhusu pia abiria aliye nyuma.

Tuta dogo lisiloonekana

Watu wengi wanaofikiria kugeuza gurudumu huona tatizo moja tu, matundu ya spoki. Husema, tukiziba matundu hayo, kazi imekwisha. Lakini kuna jambo la pili ambalo halionekani tairi likiwa limefungwa, nalo ndilo zito zaidi.

Ukiikata rimu na kuitazama kwa upande, utaona katikati kuna bonde. Bonde hilo liko pale ili fundi apate nafasi ya kuingiza na kutoa tairi. Kila upande wa bonde kuna kikalio, yaani ubapa ambao ukingo wa tairi hukaa juu yake. Katika rimu iliyotengenezwa kwa matairi yasiyo na tyubu, kati ya kikalio na bonde kuna tuta dogo linalozunguka rimu yote. Kazi ya tuta hilo ni kuuzuia ukingo wa tairi usiteleze na kutumbukia bondeni wakati hewa imepungua.

Rimu nyingi za spoki zilizotengenezwa kwa tyubu hazina tuta hilo. Tairi likiwa na hewa ya kutosha, upungufu huo hauonekani. Hewa ikipungua na pikipiki ikakata kona ikiwa na abiria, tairi husukumwa kwa ubavu. Ukingo ukiteleza ukaangukia bondeni, njia ya hewa hufunguka upande mzima, na hewa yote iliyobaki hutoka mara moja. Tairi hubaki likicheza juu ya rimu, na mwendeshaji hawezi tena kulishika gurudumu hilo.

Gundi huziba matundu, lakini haiwezi kutengeneza tuta.

Mfano wa gurudumu lililozibwa

Tuchukue mfano wa mhudumu mwenye pikipiki ya spoki, gurudumu la nyuma la inchi 17, tairi la 3.00-17. Kitabu cha pikipiki yake kinataka, tuseme, presha ya 32 PSI nyuma akiwa na abiria. Fundi anamshawishi aondoe tyubu. Anasafisha rimu ndani, anapaka silikoni juu ya kila nati, anazungusha mkanda wa gundi, anaweka valvu mpya, kisha anafunga tairi lililoandikwa `TUBELESS`. Anajaza hewa, anamwaga maji ya sabuni, na hakuna povu. Mhudumu analipa na kuondoka ameridhika.

Juma la kwanza presha inabaki pale pale. Lakini spoki si chuma kilichosimama tuli. Kila gurudumu linapozunguka, spoki za chini hulegea kidogo na za juu hukazika, na nati zake husogea kiasi kisichoonekana kwa macho. Gunia la simenti likipakiwa na pikipiki ikapita kwenye mashimo, kusogea huko huongezeka. Silikoni iliyoshika nati huanza kubanduka upande mmoja. Maji ya mvua na matope huingia kupitia tundu la spoki, kutu huanza chini ya gundi, na mahali penye kutu gundi haishiki.

Sasa asubuhi moja anapima na kukuta 27 PSI badala ya 32. Anajaza na kuendelea. Siku ya tatu anakuta 24. Bado hajaona msumari wowote, kwa hiyo anafikiri ni valvu. Ukweli ni kwamba kila asubuhi anaanza kazi akikaribia ile hali ambayo tuta lilihitajika, na tuta halipo.

Kuna tatizo lingine linalomfuata mhudumu huyu. Gurudumu la spoki linahitaji kukazwa na kunyooshwa mara kwa mara, hasa kwa kazi ya bodaboda. Fundi akizungusha nati iliyozibwa, anaikata ile gundi. Kwa hiyo kila anaponyoosha gurudumu, tairi lazima litoke, gundi ya zamani ikwanguliwe na kazi ianze upya. Wengi huamua kutokaza spoki kabisa ili wasiharibu gundi. Spoki zilizolegea huvunjika, na gurudumu huanza kuyumba. Hapo mtu aliyekimbia pancha amejitafutia hatari mbili badala ya usumbufu mmoja.

Ni kweli kwamba duniani kuna magurudumu ya spoki yasiyohitaji tyubu. Mwaka 1987 kampuni ya BMW ilianza kuuza pikipiki za R 80 GS na R 100 GS ambazo spoki zake zimefungwa kwenye pembe za nje za rimu, si katikati. Rimu hiyo haina tundu la spoki ndani ya sehemu inayoshika hewa, tena imeumbwa tangu kiwandani kwa matairi yasiyo na tyubu. Huko ni kuunda rimu upya, wala si kupaka gundi rimu ya zamani.

Kusoma rimu na tairi

Kabla ya kununua chochote, soma kilichoandikwa. Kwenye tairi, tazama ubavuni. Likiandikwa `TUBE TYPE` au `TT`, lazima liwekwe tyubu, hata kama rimu ni ya aloi mpya. Ukingo wake na tabaka lake la ndani havikutengenezwa kushika hewa peke yake. Likiandikwa `TUBELESS` au `TL`, linaweza kufanya kazi bila tyubu, ila kwenye rimu inayofaa tu.

Kwenye rimu, tafuta maandishi yaliyochongwa kwenye mkono wa aloi au karibu na valvu. Rimu nyingi zinazofaa huandikwa `SUITABLE FOR TUBELESS TYRES` au `TUBELESS TYRE APPLICABLE`. Alama nyingine ni herufi `MT` mbele ya upana, kwa mfano `J17 x MT2.15`. Hiyo `17` ni kipenyo kwa inchi, `2.15` ni upana kwa inchi, na `MT` inaonyesha umbo la kikalio linalokubali tairi lisilo na tyubu. Rimu yenye herufi `WM` ni ya umbo la zamani, nayo hutumia tyubu.

Hapa kuna kosa linalowagharimu wengi: kudhani kwamba kila rimu ya aloi haihitaji tyubu. Zipo pikipiki zilizotoka kiwandani na rimu za aloi pamoja na tyubu ndani. Ukikosa maandishi, fungua tairi na upitishe kidole kutoka kikalioni kuelekea bondeni. Usipohisi tuta kwenye kikalio chochote, rudisha tyubu. Hata ukilihisi, kama rimu haina maandishi yoyote, endelea kutumia tyubu.

Njia iliyo salama: kubadilisha gurudumu zima

Anayetaka kuachana na tyubu abadilishe gurudumu zima kwa gurudumu la aloi lililotengenezwa kwa modeli ile ile ya pikipiki. Kwa pikipiki zinazouzwa zaidi nchini, kampuni nyingi hutengeneza modeli moja kwa spoki na kwa aloi, na hapo kazi huwa rahisi. Lakini usinunue kwa kutazama kipenyo peke yake. Chukua gurudumu la zamani uende nalo dukani, uyalinganishe haya.

Kwanza ni ekseli na beringi. Ekseli ipite bila kucheza na bila kulazimishwa. Fundi akisema atatia chuma cha kujazia, kataa.

Pili ni breki. Dramu ya milimita 130 na ya milimita 110 hazibadilishani, kwa kuwa sahani na viatu vya breki vimetengenezwa kwa kipimo kimoja. Kama mbele kuna diski, matundu ya kufungia diski yalingane.

Tatu, kwa gurudumu la nyuma, ni kishikio cha sproketi na mipira yake. Baada ya kufunga, simama nyuma ya pikipiki utazame cheni. Sproketi ya mbele na ya nyuma zikae mstari mmoja. Cheni inayoenda upande hula meno ya sproketi na inaweza kuruka.

Nne ni upana wa rimu na tairi. Tairi jipya lizunguke bila kugusa cheni, matigadi wala mkono wa nyuma wa fremu, hata pikipiki ikiwa na mzigo.

Kisha tairi lifungwe na fundi mwenye kompresa. Pampu ya mkono mara nyingi haitoi hewa ya haraka kiasi cha kuusukuma ukingo hadi mahali pake. Fundi hupaka maji ya sabuni kwenye kingo, hutoa kichwa cha valvu ili hewa iingie kwa kasi, kisha hujaza mpaka isikike milio miwili, mmoja kwa kila upande. Huo ndio mlio wa ukingo ukivuka tuta. Presha isizidi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Milio isiposikika, atoe hewa, apake sabuni tena na kurudia, asiendelee kulazimisha. Karibu na ukingo kuna mstari mwembamba unaozunguka tairi, na mstari huo uwe umbali sawa na rimu pande zote. Ukizama mahali fulani, ukingo haujakaa.

Mwisho, rudisha kichwa cha valvu, jaza hadi presha ya kitabu na uandike kipimo. Pima tena asubuhi inayofuata kabla ya kuendesha, kwa sababu tairi lenye joto hudanganya kipimo. Kikiwa kimeshuka, mwaga maji ya sabuni kwenye valvu na kingo zote mbili. Povu litaonyesha pahali.

Pancha ya tairi lisilo na tyubu

Kizibo cha mpira kinachosukumwa kutoka nje kina mipaka. Tundu liwe kwenye sehemu inayokanyaga barabara, na lisizidi milimita 6 hivi. Tundu la ubavuni halizibwi, kwa sababu ubavu hujikunja kila mzunguko na kizibo kitatoka. Hata kizibo kilichokaa vizuri ni cha kukufikisha kwa fundi. Tairi lifunguliwe, litazamwe ndani, na tundu lifungwe kwa kiraka cha ndani. Tairi lililoendeshwa likiwa limelala huchubuka ndani ya ubavu na kuacha unga mweusi wa mpira. Ukiuona unga huo, tairi hilo halina kazi tena hata kama nje linang'aa.

Kwa anayebaki na tyubu

Wengi wataendelea na spoki, na si vibaya. Spoki huvumilia mashimo, na ikivunjika hubadilishwa moja moja, wakati rimu ya aloi iliyopasuka hutupwa. Baadhi ya pancha za tyubu hazitokani na misumari. Hutokana na mambo matatu ambayo fundi wa pancha anaweza kuyazuia.

La kwanza ni mkanda wa rimu uliooza au usiokuwepo, nati zikaitoboa tyubu kutoka chini. Tundu likiwa upande wa ndani wa tyubu, ule unaotazama rimu, sababu si msumari bali nati. La pili ni tyubu ya kipimo kisicho chake, inayovutwa ikawa nyembamba au kukunjwa ikajisugua. La tatu ni presha ndogo. Tairi lenye hewa kidogo huteleza polepole kuzunguka rimu na kuivuta tyubu, na valvu huanza kuinama. Valvu iliyoinama ni onyo kwamba karibu itang'oka kwenye tyubu, na ikichanika hapo hakuna kiraka kinachoshika. Toa hewa yote, rudisha tairi mahali pake, kisha ujaze sawasawa.

Neno kwa wenye malori

Mafundi wa malori waliuliza pia, na jibu lao ni gumu zaidi. Rimu ya lori yenye ringi ya kufungia imeundwa kwa vipande, na hewa hupita kwenye kiungo. Haigeuzwi kwa njia yoyote. Namba ndiyo inayotofautisha: tairi la `10.00R20` ni la rimu ya vipande na tyubu, na la `11R22.5` ni la rimu ya kipande kimoja isiyo na tyubu. Kipenyo chake ni tofauti, kwa hiyo anayebadilisha hubadilisha rimu na tairi pamoja. Wakati wa kujaza hewa rimu yenye ringi, iwekwe ndani ya kizimba cha chuma na mtu asisimame mbele yake. Ringi isiyokaa vizuri huruka kwa nguvu ya kuua.

Kwa hiyo, ukishawishiwa kuondoa tyubu, uliza maswali mawili kabla ya kuuliza bei: rimu hii imeandikwa nini, na tuta lake liko wapi? Fundi akikosa jibu la yote mawili, acha tyubu ndani.

Maswali sasa yanakaribishwa, na mwenye gurudumu mashakani alilete mbele likaguliwe.